Ukuta wa Nje na Ruhusa ya Mpangaji

Maelezo haya ni ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wanaopanga katika Kata ya Jangwani na mitaa ya jirani ya Kariakoo, Dar es Salaam.



Mada niliyopewa ni ndogo kwa jina: mpangaji anataka kampuni ya intaneti ije itoboe ukuta na kupitisha waya nje ya nyumba, naye anamwomba mwenye nyumba ruhusa. Lakini atakayesimama katika Mtaa wa Twiga au Mtaa wa Mafia na kuinua macho ataona ukubwa wa jambo lenyewe. Ataona nyaya nyeusi zimening'inia kama kamba za kuanikia nguo, nyingine hazina mwenyewe, nyingine zimekatwa na kuachwa, na chini ya matundu ataona michirizi ya maji iliyochora lipu mpaka kwenye msingi. Kila waya ule ulianza na mtu aliyesema, "Mzee, naomba nivute intaneti," na mzee akajibu ndiyo au hapana.

Hoja yangu ni kwamba swali hilo limeulizwa vibaya. Mwenye nyumba hana la kujibu kuhusu intaneti. Ukimwomba intaneti umemwomba jambo asilolimiliki, na aghalabu asilolifahamu. Kwa hiyo atakubali kwa kukuonea haya au atakataa kwa hofu. Anachokimiliki ni ukuta. Basi mwulize juu ya ukuta: tundu litakaa wapi, litakuwa na upana gani, waya utapita njia ipi, nani ataziba na nani atauondoa. Mambo hayo anaweza kuyaamua, na akishayaamua ninyi wawili mnaweza kuyaandika.

Kwanza tuufahamu waya wenyewe, maana hofu nyingi zinatokana na kutoujua. Intaneti yetu nyingi huja kwa njia ya bahari. Mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Kutoka pwani mawasiliano husafiri kwa nyuzi za kioo mpaka kwenye nguzo ya mtaani kwako. Kipande cha mwisho, kutoka nguzo mpaka sebuleni, ndicho tunachokizungumzia. Mafundi wanakiita faiba. Ndani yake mna uzi wa kioo wenye unene wa kama unywele, nao hupitisha mwanga wala haupitishi umeme. Umefunikwa kwa plastiki nyeusi, na waya mzima una upana wa milimita tano hivi. Pembeni mwake umeshonewa waya mwembamba wa chuma, ambao kazi yake ni kubeba uzito unapovuka barabara. Uzi wa kioo haumdhuru mtu kwa umeme. Huo wa chuma unaweza, kama fundi mzembe ataufunga kwenye kishikio kimoja na waya wa umeme unaoingia nyumbani. Kwa hiyo waya wa chuma huishia kwenye ndoana yake ukutani. Hapo hukatwa, na kinachoendelea ndani ni plastiki na kioo tu. Mpangaji anaweza kulikagua hilo mwenyewe akiwa amesimama chini, bila ngazi.

Sasa tuje kwenye ukuta. Watu wanasema "ukuta" kana kwamba kuta zote ni moja, na hapo ndipo madhara huanzia. Jangwani na Kariakoo ni mahali ambapo majengo ya vizazi vitatu yanasimama bega kwa bega.

Iko nyumba ya zamani ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma, ambayo kuta zake ni miti na udongo, na baadaye zikapigwa lipu ya saruji. Kwa nje hutaitofautisha na nyumba ya matofali. Dalili mbili zitakuambia. Ukigonga kwa kifundo cha kidole utasikia sauti nzito isiyolingana, mahali pengine pakiwa kama ngoma kwa sababu lipu imeachana na udongo. Na fundi akianza kutoboa, tazama unga unaotoka: ukiwa wa kijivu ni saruji, lakini ukigeuka kuwa mwekundu au wa kahawia baada ya sentimita mbili, mwambie asimame. Ukuta wa namna hiyo hautakiwi kugongwa na keekee inayopiga nyundo, maana mtikisiko hubandua lipu ukuta mzima, wala msumari haushiki ndani yake. Hapo njia sahihi ni kufunga waya kwenye mbao za kenchi chini ya bati, kisha kuingia ndani kwa uwazi uliopo kati ya ukuta na paa. Yaani katika nyumba ya zamani kuliko zote, mara nyingi hakuna haja ya kutoboa hata kidogo.

Iko nyumba ya matofali ya saruji ya nchi tano au nchi sita. Hii ndiyo rahisi. Tundu jembamba katika tofali halipunguzi nguvu ya nyumba, ila lisikaribie kona, wala lisipande juu kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha.

Na liko ghorofa. Humo kinachobeba uzito ni nguzo na mihimili ya zege yenye nondo, na matofali yaliyo katikati yamejaza nafasi tu. Toboa tofali, usiiguse nguzo wala mhimili. Ninajua kwamba tangu jengo la ghorofa lilipoporomoka hapa Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, na kuua watu zaidi ya ishirini, wenye nyumba wengi wakisikia neno "kutoboa" mwili huwasisimka. Hofu hiyo tuiheshimu, wala tusimcheke mtu aliye nayo. Lakini tuseme ukweli wake: tundu la milimita 10 katika tofali haliangushi ghorofa. Kinachodhuru ghorofa kwa taratibu ni maji. Hapa tulipo karibu na bahari, hewa ina chumvi. Maji ya mvua yakiingia kwenye tundu lisilozibwa na kuifikia nondo, nondo hushika kutu; kutu huvimba kuliko chuma kilichokuwepo, na zege hupasuka kutoka ndani. Ukiona ufa ulionyooka juu ya mhimili, na doa la rangi ya kutu likitokeza pembeni yake, kazi hiyo imekwisha kuanza. Kwa hiyo mwenye nyumba anayeuliza, "Mvua ikinyesha itakuwaje?" ameuliza swali bora kuliko yule anayeuliza kama nyumba itaanguka.

Ndugu zangu, liko jambo la pili ambalo wapangaji wengi hulipita bila kulitazama: ukuta wa nje ni wa nani? Anayepokea kodi yako si lazima awe ndiye mwenye uwezo wa kuruhusu. Nyumba nyingi za Kariakoo ni za urithi. Aliyejenga amefariki, watoto wako sita, mmoja ndiye anayekusanya kodi. Kama mirathi imefunguliwa mahakamani, yupo msimamizi wa mirathi, na saini yake ndiyo inayohitajika. Kama hakuna msimamizi, ni busara kupata saini za ndugu zaidi ya mmoja, la sivyo Jumapili moja atatokea kaka mtu kutoka Tanga na kuung'oa waya kwa mikono yake.

Majengo mengine ni ya Shirika la Nyumba la Taifa. Baadhi ya majengo hayo yalikuwa ya watu binafsi mpaka mwaka 1971, yalipotwaliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na za Shirika mwaka 1990. Mpangaji wa Shirika haombi ruhusa kwa mlinzi wala kwa mpangaji mwenzake mzee kuliko wote jengoni. Anaiandikia ofisi ya Shirika ya eneo lake. Na aliyepangishwa na mpangaji wa Shirika, jambo ambalo sote tunajua kwamba lipo, ana shida zaidi, kwa kuwa anayempa ruhusa hana cha kutoa.

Namna ya tatu ni ghorofa ambamo kila mtu amenunua sehemu yake. Kwa sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za jengo, sehemu ni ya mwenyewe, lakini kile kisichokuwa ndani ya sehemu ya mtu yeyote ni mali ya wote na husimamiwa na umoja wa wamiliki. Ukuta wa nje na ngazi ni mfano wa mali hiyo. Mwenye sehemu uliyopanga anaweza kukuruhusu kutundika picha ndani. Uso wa nje wa jengo si wake peke yake kuutoa. Barua iende kwake, naye aipeleke kwenye umoja.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Tuseme mwalimu amepanga vyumba viwili katika ghorofa ya kwanza ya jengo la ghorofa tatu, upande wa Jangwani unaoshuka kuelekea bonde la Msimbazi. Mwenye jengo ni mzee anayeishi chini. Kampuni imekwisha kusema kwamba nguzo yake iko ng'ambo ya barabara, na kwamba fundi anaweza kuja kesho.

Kosa linalofanyika kila siku ni kumwacha fundi aje kesho. Fundi hulipwa kwa idadi ya nyumba alizomaliza, wala si kwa uzuri wa ukuta wa mzee. Atachagua njia fupi, na njia fupi ni kuvuta waya moja kwa moja mpaka dirishani na kutoboa pembeni ya fremu. Basi mwalimu anamwambia fundi aje kwanza bila keekee, apime tu. Wanatembea pamoja nje ya jengo. Kutoka nguzo mpaka ndoana ukutani ni mita 18. Kutoka ndoana, waya utapita chini ya ukingo wa sakafu ya ghorofa ya pili, ambako kuna kivuli na mvua haipigi sana, kwa mita 7. Ndani mpaka kwenye meza ni mita 6. Ukiongeza mita 3 za akiba ya kurekebishia, jumla ni mita 34. Mwalimu anachora hayo katika karatasi moja ya daftari: dirisha, nguzo za zege, waya wa umeme unapoingia, na msalaba mdogo mahali pa tundu.

Mahali pa msalaba huo pamechaguliwa kwa sababu. Hapako juu wala chini ya soketi au swichi, kwa kuwa nyaya za umeme ndani ya ukuta aghalabu hushuka wima kutoka darini mpaka kwenye swichi, na anayetoboa katika mstari huo anacheza na kifo. Hapako karibu na bomba la maji ya bafuni. Pako katikati ya tofali, mbali na nguzo ya zege. Nje, njia ya waya inakaa walau sentimita 30 kutoka kwenye waya wa umeme, na pale inapobidi kuuvuka, inauvuka mara moja kwa kukatiza, haiandamani nao.

Na kwa kuwa tuko Jangwani, yako maji ya aina nyingine. Desemba 2011 mto Msimbazi ulifurika, na si mara hiyo tu. Katika nyumba nyingi za upande wa bonde alama ya maji bado inaonekana ukutani. Kisanduku cha kuunganishia waya kikifungwa chini, karibu na kizingiti, kwa sababu fundi hakutaka kupanda ngazi, masika yatakisomba. Kifungwe juu ya alama hiyo.

Ndipo mwalimu anakwenda kwa mzee, jioni, akiwa na karatasi yake mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Kodi si mpaka mwezi wa saba?"

"Si kodi, mzee. Nimekuja juu ya ukuta."

Mzee ataichukua karatasi, aisogeze kwenye taa, na bila shaka atauliza maswali matatu ambayo kila mwenye nyumba huuliza: mvua itaingia au haitaingia, ukihama nani ataziba, na huyu wa chumba cha pili naye akitaka itakuwaje. Mwalimu aliyekuja na karatasi ana majibu. Aliyekuja na mdomo mtupu atasema, "Usijali mzee," na mzee aliyewahi kuambiwa usijali na wapangaji wanane ataanza kujali papo hapo.

Wakikubaliana, wanaandika. Sisemi waende kwa wakili. Karatasi moja yenye nakala mbili inatosha, nayo inaweza kuwa na maneno kama haya:

"Mimi mpangaji wa vyumba viwili ghorofa ya kwanza naomba ruhusa ya kutoboa tundu moja lenye upana usiozidi milimita 10 katika ukuta wa nje, mahali palipowekwa alama katika mchoro ulioambatishwa, na kupitisha waya mmoja mweusi wa faiba katika njia iliyochorwa. Nguzo na mihimili ya zege haitaguswa. Tundu litazibwa siku hiyo hiyo. Gharama zote ni zangu. Lipu au rangi ikiharibika nitaitengeneza ndani ya siku 14. Nikihama, nitaondoa waya na kuziba tundu kwa saruji, isipokuwa mwenye nyumba akiandika kwamba anataka vibaki. Mwenye nyumba atajulishwa siku mbili kabla ya fundi kufika, na anaweza kuwapo au kutuma mtu."

Chini zinafuata tarehe, saini mbili, na ya shahidi. Kwa desturi yetu mikataba mingi ya nyumba hupita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Karatasi hii nayo ikiambatishwa kwenye mkataba huo haitapotea. Sharti la kuondoa na kuziba si hisani ya mpangaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe jengo katika hali aliyolipokea, ukiacha uchakavu wa kawaida, na tundu la keekee haliwezi kuitwa uchakavu. Picha mbili za ukuta zilizopigwa kabla ya kazi zitamaliza ubishi ambao bila picha ungefika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Siku ya kazi mwalimu awepo. Asimfundishe fundi, lakini awe na macho. Ukuta wa tofali la nchi sita pamoja na lipu ya pande zote mbili unafika sentimita 18 hivi. Biti fupi haitatokeza, na fundi atajaribu kutoboa kutoka pande mbili akutanishe matundu kwa kubahatisha. Aje na biti ya sentimita 30. Tundu literemke kuelekea nje, tofauti ya sentimita mbili tu kati ya mdomo wa ndani na wa nje inatosha, ili maji yakiingia yarudi yalikotoka. Tundu lililolala sawasawa, au baya zaidi, lile linaloteremka kuelekea ndani, ni mfereji uliochimbiwa sebuleni kwako. Biti inapokaribia kutokeza, fundi aache kupiga nyundo na apunguze nguvu, la sivyo itatokea na kipande cha lipu chenye ukubwa wa sahani. Hilo ndilo kovu tunaloliona kwenye kila ghorofa ya Kariakoo.

Upana wa tundu nao una siri yake. Waya ukija na kichwa kilichokwisha kufungwa kiwandani, tundu litahitaji kuwa pana zaidi, milimita 14 mpaka 16, ili kichwa kipite. Waya usio na kichwa hupita katika tundu dogo, kisha fundi hufunga kichwa akiwa ndani. Kazi inaongezeka kwa dakika chache, na ukuta unapona. Ndiyo maana barua yetu ilitaja milimita 10.

Kabla ya kuingia tunduni, waya uachwe uning'inie kidogo chini ya mdomo wa tundu kisha upande. Maji yanayotelemka juu ya waya yatafika kwenye tumbo hilo na kudondoka chini badala ya kuingia ndani. Tundu lizibwe kwa silikoni nje na ndani. Vishikizo vya ukutani visiwe vya misumari ya chuma cha kawaida. Katika hewa yetu ya chumvi vitatoa machozi ya kutu juu ya rangi kabla ya mwaka kwisha. Na waya wa nje uwe ule mweusi. Fundi aliyeishiwa atatoa waya mweupe wa kutumia ndani ya nyumba, na jua la Dar es Salaam litaupasua.

Kioo hakipendi kukunjwa. Umbali wa mita 34 haupunguzi mwanga kwa kiasi cha kuonekana, lakini kona moja iliyobanwa kwa msumari inaweza kuupoteza karibu wote. Kanuni rahisi ni kwamba waya usipindwe kwa duara dogo kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Kazi ikiisha, mwambie fundi apime mwanga kwa kifaa chake mbele yako, naye atakuonyesha namba yenye alama ya kutoa na herufi dBm. Kwa mitambo iliyo ya kawaida, namba kama -18 au -20 ni njema. Ikiwa -27 au chini ya hapo, kifaa kitakuwa kinakatika kila mara, na fundi asiondoke mpaka apate kona iliyobanwa au kichwa kilichofungwa vibaya. Iandike namba hiyo nyuma ya ile karatasi. Miezi sita baadaye taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, utajua kwamba mwanga haufiki, na ukiona namba imeshuka kutoka -19 mpaka -26 utajua kwamba kuna mtu aliyeubana waya huko nje. Na jambo hili moja walimu muwaambie watoto wa nyumbani: ncha ya faiba isitazamwe kwa jicho. Mwanga wake hauonekani, lakini upo.

Sasa turudi kwenye swali la tatu la mzee, kwa kuwa ndilo lenye uzito kuliko yote: wa chumba cha pili naye akitaka? Jengo lenye wapangaji kumi na wawili, kila mmoja na ruhusa yake nzuri na tundu lake la milimita 10, litakuwa na nyaya kumi na mbili zinazovuka barabara, na mzee atakuwa amekosewa na watu wote bila mtu mmoja kuvunja ahadi. Hapa ruhusa ya mtu mmoja mmoja imefika mwisho wake. Mwenye nyumba afanye jambo jingine: atoe njia moja. Achague mahali pamoja pa kufungia ndoana na kisanduku, na bomba moja la plastiki la milimita 25 au 32 linalopanda kwenye ngazi kutoka chini mpaka juu, na kila kampuni itakayokuja ipite humo au isipite kabisa. Kisanduku kimoja chenye kigawanyo cha mwanga kinaweza kuhudumia vyumba vinane kutoka kwenye uzi mmoja wa mtaani. Kampuni nazo zinapenda mpango huo kuliko zinavyokiri, maana mteja wa pili katika jengo hilo atawagharimu waya wa ndani tu.

Nani alipe bomba? Nimesikia wenye nyumba wakisema mpangaji wa kwanza alipe, na wapangaji wakisema ni mali ya nyumba kwa hiyo alipe mwenye nyumba. Mimi naona mwenye nyumba ndiye alipe, kwa sababu bomba litabaki wakati mpangaji amehama, na chumba chenye njia ya faiba hupangishika upesi. Lakini mpangaji wa kwanza anaweza kulitanguliza kwa makubaliano kwamba gharama zikatwe kwenye kodi inayofuata. Yaandikwe tu. Kisichofaa ni mwenye nyumba kupokea fedha za kampuni ili jengo zima lifungwe na kampuni moja, halafu wapangaji wakaambiwa kwamba ukuta hauruhusu nyingine. Hapo ukuta umegeuzwa kuwa duka, na wapangaji wana haki ya kuuliza.

Na mzee akikataa kabisa? Amekataa. Ukuta ni wake, na kutoboa usiku kwa kuwa kampuni imekwisha kulipwa ni njia ya kupoteza chumba. Mpangaji bado ana njia: waya wa faiba mwembamba kupitia uwazi wa kiyoyozi au bomba lililokwisha kuwepo, ambao hauhitaji tundu jipya ila unahitaji ruhusa ya kupita nje, au kifaa cha kupokea mtandao wa simu kilichowekwa dirishani, ambacho hakihitaji kitu isipokuwa umeme. Cha pili kitapungua kasi saa za jioni mtaa mzima unapokuwa mtandaoni, lakini mwalimu anayetuma alama za mitihani kitamtosha.

Mwalimu wa mfano wetu alipata ruhusa kwa sharti moja ambalo halikuwamo katika rasimu yake. Mzee aliongeza kwa mkono wake, kwa kalamu nyekundu, kwamba tundu lisitobolewe kabla ya saa tatu asubuhi kwa sababu ya mgonjwa aliyekuwa chumba cha chini. Wakatia saini wote wawili pembeni ya maneno hayo, na fundi akaja saa tatu na nusu.